Kenchi huanzia kwenye nukta: kuchora kenchi ya mbao ndani ya CAD

Fungua AutoCAD, chora pembetatu yenye kitako cha mita 6 na mteremko wa nyuzi 25, kisha ingiza upana wa mbao kwa ndani. Dakika kumi tu na mchoro unapendeza. Pembe zote ukizipima ni sahihi. Lakini ukiujenga jinsi ulivyo, mbao ya chini itapindwa pale karibu na ukuta kwa nguvu ambayo kenchi iliundwa mahsusi ili isiwepo.

Nimeona michoro ya namna hii mara nyingi, na kosa lake halionekani kwenye karatasi. Linaonekana baada ya bati kupanda, mbao ya chini inapoanza kuchanika sentimita chache kutoka ukutani. Kwa hiyo nitachukua kenchi moja, nianze nayo kwenye mstari wa kwanza hadi msumari wa mwisho, na nitakaa zaidi kwenye kona ile ya ukutani kwa sababu ndiko mambo yanakoharibikia.

Kenchi yetu ni ile yenye herufi W ndani yake. Ina rafta mbili, yaani mbao za mteremko zinazokutana kileleni, na mbao ya chini inayozifunga zisitanuke. Ndani kuna mbao nne: mbili fupi zinazoinua katikati ya rafta, na mbili ndefu zinazoshuka kutoka kileleni. Kutoka katikati ya ukuta mmoja hadi katikati ya ukuta wa pili ni milimita 6000. Kenchi zinapangwa kila baada ya mita 1.2. Mzigo wa paa tuuchukulie kuwa kilonyutoni 1 kwa kila mita ya mraba, kwa ajili ya mfano tu, maana mzigo halisi na vipimo vya mwisho vya mbao hutolewa na mhandisi wa jengo husika. Kwa hesabu hiyo kenchi nzima inabeba kilonyutoni 7.2 na kila ukuta unapokea 3.6, sawa na uzito wa karibu kilo 370. Upenu nimeuacha nje ya hesabu.

Mstari wa kwanza

Kenchi si mbao, ni nukta. Hesabu yote ya mhandisi inadhani kwamba kila mbao ni mstari mwembamba, na kwamba mistari inayokutana kwenye ungio moja inapita kwenye nukta moja. Hapo ndipo kila mbao inapovutwa au kugandamizwa tu bila kupindwa. Basi kazi ya kwanza ni kuchora mistari ya kati ya mbao zote, kila mstari ukiwa ni moyo wa mbao yake, kwenye leya yake peke yake, kabla hujachora ukingo wowote. Tunachora kwa milimita, kwa ukubwa halisi. Skeli ni jambo la wakati wa kuchapa.

```
LINE
0,0
6000,0

LINE
0,0
@3500<25

XLINE
V
3000,0

```

Rafta imechorwa ndefu makusudi; ikate kwa TRIM pale inapogusa mstari wima wa katikati. Kilele kitakaa kwenye kimo cha 1398.9 juu ya mstari wa chini, na rafta itakuwa na 3310.1. Huna haja ya kukariri namba hizo, zimezaliwa zenyewe na nukta.

Sasa mbao za ndani. Mbao ya chini igawe mara tatu, kila kipande 2000. Anzia kileleni ukitumia snapu ya END, shuka hadi 2000,0, kisha panda hadi katikati ya rafta ukitumia snapu ya MID. Hiyo ni nusu ya W. Upande wa pili ufanye kwa MIRROR.

Ukipima utakuta kitu kizuri: mbao fupi na mbao ndefu zote zinaegemea nyuzi 54.44 kutoka kwenye mbao ya chini, moja kushoto na moja kulia. Si bahati. Mbao fupi inakwenda 500 kwa ulalo na kupanda 699.5, mbao ndefu inakwenda 1000 na kupanda 1398.9. Uwiano ni uleule. Ulinganifu huo utatusaidia sana wakati wa kukata ungio la chini.

Angalia pia tulivyopata pembe hiyo. Hatukuiandika popote. Tuliunganisha nukta na pembe ikajitokeza. Anayefanya kinyume, akachora mbao fupi kwa kuandika pembe ya nyuzi 54 kwa sababu ndiyo aliyoisoma kwenye skrini, atakosa katikati ya rafta kwa karibu milimita 7. Na skrini itamwonyesha 54 kweli, kwa sababu AutoCAD kwa kawaida huonyesha pembe bila desimali. Nenda `UNITS` uongeze desimali mbili za pembe, na weka `DIMADEC` kuwa 2 ili vipimo vya pembe kwenye mchoro navyo vifuate.

Mistari inapovaa mbao

Hapa swali ni upana gani wa kuingiza, na jibu liko kwenye mbao iliyopo mkononi, si jina lake. Mbao inayoitwa 50 kwa 100 ikishapigwa randa hubaki karibu 45 kwa 95. Ile ambayo Amerika Kaskazini huitwa mbili kwa nne ina milimita 38 kwa 89. Nenda kapime kwa tepu, na upime mbao kadhaa. Kwenye mfano wetu rafta na mbao ya chini zina 95, mbao za ndani zina 70, zote zikiwa na unene wa 45.

Tumia OFFSET ya 47.5 kila upande wa mstari wa kati kwa rafta na mbao ya chini, na 35 kwa mbao za ndani. Kingo ziwe kwenye leya nyingine. Kisha kata kwa TRIM pale mbao inapogusa ukingo wa jirani yake, bila kuuhamisha mstari wa kati.

Urefu wa kukata mbao fupi sasa unaonekana. Kutoka nukta hadi nukta ni 859.8, lakini sehemu ya chini imeliwa na nusu ya mbao ya chini na sehemu ya juu imeliwa na nusu ya rafta, na kinachobaki juu ya mstari wa kati ni milimita 753. Ungeingiza 100 ya jina badala ya 95 ya kweli, ungeandika karibu 747.5. Fundi angekata hivyo, kisha akakuta pengo la milimita 5 na nusu kwenye maungio. Mbao fupi inagandamizwa, na mbao inayogandamizwa inatakiwa ikae uso kwa uso na mwenzake. Penye pengo, mzigo wote unahamia kwenye misumari.

Lakini mistari ya kati haikuguswa na kosa hilo. Ukipata mbao za vipimo vingine, unafuta kingo na kuzichora upya juu ya mifupa ileile. Aliyeanza na kingo hana cha kurudia, ila kuanza upya.

Kona ya ukutani

Tumrudie yule aliyeanza na pembetatu ya nje. Yeye ameweka ncha ya pembetatu, pale ukingo wa juu wa rafta unapokutana na ukingo wa chini wa mbao ya chini, katikati ya ukuta. Mistari ya kati ya mbao zake hizo mbili inakutana wapi?

Ukingo wa juu wa rafta uko juu ya mstari wake wa kati kwa milimita 52.4 ukipima wima, yaani 47.5 igawanywe kwa kosaini ya nyuzi 25. Ukingo wa chini wa mbao ya chini uko 47.5 chini ya mstari wake. Jumla ni 99.9. Kwa mteremko wa nyuzi 25, mistari inahitaji kwenda ndani hivi ili kuziba tofauti hiyo:

```
99.9 / tan(25°) = 214 mm
```

Nukta halisi ya kenchi yake iko milimita 214 ndani ya jengo, wala haiko juu ya ukuta. Ukuta unasukuma juu kwa kilonyutoni 3.6 mahali pamoja, na kenchi inapokea mahali pengine. Katikati ya sehemu hizo mbili kuna nini? Rafta bado haijaanza kuikalia mbao ya chini. Imekomea kiasi cha milimita 200 kutoka katikati ya ukuta. Kuna mbao ya chini tu, tena iliyochongwa ncha ili ifuate mteremko. Hiyo peke yake inapindwa kwa 3.6 mara 0.214, sawa na 0.77 kwa kilonyutoni-mita. Kwenye mbao ya 45 kwa 95 huo ni mkazo wa karibu nyutoni 11 kwa milimita ya mraba, hata kabla hatujakumbuka kwamba imechongwa. Mvuto wa kawaida ambao mbao hiyo ilikusudiwa kuubeba ni kilonyutoni 5.8, unaozaa 1.35 tu. Mchoraji ameongeza mkazo zaidi ya mara nane bila kukosea pembe hata moja.

Dalili yake kwenye jengo ni mpasuko unaotembea na nyuzi za mbao ya chini, ukianzia chini ya kisigino cha rafta na kuelekea ukutani. Kwenye mchoro unaikamata kwa sekunde chache: washa leya ya mistari ya kati, shusha mstari wima kutoka pale rafta na mbao ya chini zinapokutana, tazama kama unaangukia juu ya ukuta.

Kenchi yetu tuliianza kwa nukta 0,0, na nukta hiyo tumeiweka juu ya katikati ya wolpleti, yaani mbao inayolala juu ya ukuta na kupokea kenchi. Wolpleti ina upana wa 100 na unene wa 50, ukuta una 150. Uso wa juu wa wolpleti uko 47.5 chini ya nukta. Ichore, maana kenchi iliyochorwa ikielea hewani haijathibitisha chochote.

Rafta inaendelea kwenda nje kutengeneza upenu, na mbao ya chini imekatwa mshazari kufuata tumbo la rafta. Ukichora hivyo utaona ncha ya mbao ya chini inaishia milimita 10 na nusu tu upande wa ndani wa katikati ya wolpleti. Kuanzia hapo kwenda nje, tumbo la rafta linashuka chini ya uso wa wolpleti, na kwenye ukingo wa nje wa wolpleti limezama milimita 28. Mbao mbili haziwezi kukaa mahali pamoja, kwa hiyo rafta lazima ichongwe pengo la kukalia: mkato mmoja wa ulalo juu ya wolpleti na mmoja wa wima kwenye ukingo wake wa nje. Kina cha pengo, ukipima kwa kukata rafta mraba, ni kama milimita 26 kati ya 95. Kanuni inayotumika sana ni kwamba pengo lisizidi theluthi moja ya upana wa rafta, yaani 31.7 hapa. Tumepona, lakini kwa nafasi ndogo.

Kama hutaki kuchonga rafta kabisa, unaweza kusogeza ncha ya mbao ya chini hadi ukingo wa nje wa wolpleti. Nukta itatoka nje ya katikati kwa milimita 60. Hilo nalo ni kosa dogo la aina ileile, ila unalifahamu, unampa mhandisi namba yake naye anaamua. Mimi hupendelea pengo dogo na nukta iliyo mahali pake.

Ungio la V

Nenda sasa pale 2000,0, mbao fupi na mbao ndefu zinaposhuka na kukutana juu ya mbao ya chini. Kuza picha. Kila mbao imekatwa bapa ili ikae juu ya ukingo wa mbao ya chini, lakini utaona kingo zao za ndani zimepandana: kila moja imevuka mstari wa katikati kwa milimita 9 na kuingia kwa mwenzake. Kwenye skrini ni pembetatu ndogo iliyojipinda juu ya nyingine, na ni rahisi kuipita. Kwenye mbao ni vipande viwili vinavyogombania nafasi moja, na fundi atakipunguza kimojawapo kwa jicho.

Kwa kuwa pembe zote mbili ni 54.44, mstari unaozigawa sawa ni wima kabisa. Simamisha XLINE kwenye 2000,0 na ukate kila mbao hapo. Kila mguu sasa una mikato miwili: mmoja bapa wa milimita 77 unaokaa juu ya mbao ya chini, na mmoja mdogo wa wima, kama milimita 13, unaogusana na mwenzake. Pembe zingekuwa tofauti, mkato huo ungefuata mstari unaogawa pembe iliyo kati ya mbao hizo, nao usingesimama wima. Kileleni hali ni hiyohiyo: mbao ndefu mbili zinakatwa kwa tumbo la rafta, kisha zinagusana kwa mkato wima wa milimita 8 hivi.

Unaweza kujiuliza kwa nini tusizisogeze mbao hizo mbali kidogo ili zisigusane na tuepuke mkato wa pili. Ukizisogeza, mistari yao ya kati haikutani tena kwenye nukta moja, na tumerudi kwenye ugonjwa wa kona ya ukutani, ingawa kwa kiasi kidogo.

Pembe za kumpa fundi

Pembe ya 54.44 haimfai sana mtu mwenye gonia na msumeno wa mkono. Pembe anayoihitaji ni ya mkato kuihesabu kutoka kwenye mkato mraba, na bora zaidi apewe kwa milimita. Kwenye rafta, mkato wima wa kileleni unarudi nyuma milimita 44 katika upana wa 95. Kwenye mbao fupi, mkato wa juu unaoegemea rafta uko nyuzi 10.56 kutoka mraba, ambao katika upana wa 70 ni milimita 13. Mkato wake wa chini uko nyuzi 35.56 kutoka mraba, ambao ni milimita 50. Fundi anapima 50 ukingoni, anaunganisha kwa mstari, anakata. Mteremko wenyewe mwandikie kuwa ni kupanda 466 kwa kila ulalo wa 1000.

Kwenye mchoro, kila mbao ninaichora pia peke yake pembeni, imelala, na vipimo hivyo juu yake. Nakili mbao kutoka kwenye kenchi, izungushe kwa ROTATE ukitumia chaguo la Reference, ipime. Usiichore upya, maana mchoro wa pili ni nafasi ya pili ya kukosea.

Bamba na misumari

Mbao zetu zote ziko kwenye bapa moja, kwa hiyo zinashikwa na mabamba ya plaiwudi pande zote mbili. Hapa wengi huchora bamba kwa kukadiria, kipande kinachoonekana kimefunika ungio. Bamba linatakiwa lizaliwe na misumari.

Mbao ya chini kwenye kona ya ukutani inavutwa kwa kilonyutoni 5.8. Tuseme mhandisi ametoa 0.3 kwa kila msumari wa kipenyo cha milimita 3. Inahitajika misumari 20, yaani 10 kila uso. Rafta inagandamizwa kwa 6.4, kwa hiyo misumari 22, yaani 11 kila uso. Kwa misumari kama hii isiyotobolewa kwanza, Yurokodi 5, yaani kanuni za Ulaya za usanifu wa majengo ya mbao, inataka nafasi ya vipenyo 10 kati ya msumari na msumari kufuata nyuzi za mbao, 5 kukata nyuzi, na 15 kutoka kwenye ncha ya mbao inayovutwa. Kwetu hizo ni milimita 30, 15 na 45.

Chora duara dogo la msumari na ulipange kwa ARRAY juu ya mbao ya chini. Safu tatu za misumari minne zinatosha kabisa: urefu wa 90 kwa misumari yenyewe. Lakini ile ncha iliyochongwa mshazari haihesabiki kama mbao kamili. Kila msumari ulio karibu na mkato upime umbali wake kwa `DIST`, na safu nzima isogezwe ndani mpaka hata ule wa juu kabisa uwe mbali na mkato kwa kiasi kinachotakiwa. Kwa sababu hiyo bamba la kona huwa refu kuliko mtu anavyotarajia, na likichorwa fupi misumari hujazana kwenye ncha ile nyembamba na kuipasua.

Misumari ikishakaa, zungushia mstari kwa nje, acha nafasi ya ukingo wa plaiwudi, na hilo ndilo bamba lako. Lipe vipimo vyake, likunje kwa MIRROR upande wa pili wa kenchi, na kabla hujachapa washa tena leya ya mistari ya kati, kuza kila ungio moja baada ya jingine, uangalie kama mistari bado inakutana.